Kilo Moja ya Sukari: kisa cha hadithi aliyoandikiwa mtoto mwenye kigugumizi

Kisa hiki kinahusu mvulana wa miaka 9, mwanafunzi wangu wa darasa la nne katika shule ya msingi ya mji mmoja wa pwani ya Tanzania. Hapa nitamwita Shabani, ambalo si jina lake. Mji, shule na watu wengine nimeviacha bila majina, na mambo machache ambayo yangemtambulisha nimeyabadilisha. Mama yake aliniruhusu kuandika. Shabani mwenyewe aliniruhusu kuiweka hadithi hapa, kwa sharti kwamba nisikate sehemu ya kiberiti.

Mtoto na darasa lake

Darasa lilikuwa na wanafunzi 68, na kitabu kimoja kilisomwa na watoto watatu kwenye dawati moja. Kipindi cha Kiswahili ni dakika 40. Kwa hali hiyo nilikuwa nikisomesha kama nilivyosomeshwa mimi: kwa zamu, dawati kwa dawati, kila mtoto aya moja, kwa sauti, akiwa amesimama.

Shabani alikaa dawati la nne kutoka dirishani. Kwa karibu muhula mzima niliamini hajui kusoma. Zamu ikifika dawati la pili anaomba ruhusa ya kwenda chooni. Nikimzuia, anasimama, anashika kitabu, halafu sauti haitoki. Wenzake walimwita redio mbovu. Mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa namwambia, "Tulia baba, vuta pumzi, anza upya." Katika daftari langu la maendeleo niliandika kwamba kusoma kwake ni dhaifu.

Kilichonifanya nishtuke ni zoezi la ufahamu la kuandika. Alipata tisa kwa kumi, kwenye kifungu kilekile ambacho siku iliyotangulia hakuweza kukisoma hata mstari mmoja. Mtoto asiyejua kusoma hapati tisa.

Nilichokiona nilipoacha kumsahihisha

Nilimwita mama yake. Alinieleza kwamba kigugumizi kilimwanza akiwa na miaka mitatu na kitu, na kwamba mjomba wake pia anacho. Majirani walishamshauri ampeleke akakatwe udata, wakiamini ulimi umefungwa. Halafu akasema jambo lililonigeuza kichwa: "Lakini chuoni, Mwalimu, anasoma kama maji." Alimaanisha chuo cha Kurani cha jioni, ambako watoto husoma pamoja na kwa mahadhi.

Nilikwenda kumsikiliza. Ni kweli. Katika sauti ya wengi, kwa mahadhi, hakukwama hata herufi moja. Ustadhi wake alikuwa amemfundisha ile dua ya Nabii Musa katika Sura Taha, ya kuomba fundo la ulimi lifunguliwe, na aliisoma vizuri kabisa. Alipoulizwa jina la baba yake, akakwama.

Mwalimu anayekutana na jambo hili anahitaji kulielewa vizuri. Mwenye kigugumizi husoma kwa ufasaha akiwa na wenzake kwa sauti moja, au akiimba, au akizungumza peke yake, kisha hukwama akisemeshwa na mtu au akisikilizwa. Hiyo haina maana kwamba anajifanya, wala kwamba ni woga tu. Kigugumizi kina mizizi katika jinsi ubongo unavyopanga usemi, na mara nyingi hutembea ndani ya ukoo. Hofu haikianzishi, ila hukizidisha. Na ulimi unaotamka kila herufi wazi kwa mahadhi hauna utando wa kukatwa. Mama aliposikia hoja hiyo aliachana na habari za udata.

Basi nikaanza kumsikiliza wakati wa mapumziko, chini ya mwarobaini, bila kumsahihisha. Alikuwa na vikwamo vya aina mbili. Kimoja ni kurudia silabi ya kwanza ya neno. Cha pili ndicho kilichomtesa zaidi: mdomo uko tayari, taya limekaza, sauti haitoki kabisa, na mguu wa kulia unapiga sakafu. Karibu vyote vilitokea mwanzoni mwa sentensi au mwanzoni mwa neno, hasa kwenye K, P, T na B. Neno lililomshinda kuliko yote ni jina lake mwenyewe.

Nikamuuliza kipindi cha kusoma kinakuwaje kwake. Alinionyesha kwa kidole. Mwalimu akianza dawati la kwanza, yeye anahesabu vichwa, kisha anahesabu aya, anaijua aya yake itakuwa ipi, analitafuta ndani yake neno litakalomkwamisha, halafu anakaa akilitazama neno hilo mpaka zamu yake ifike. Dakika kumi na tano za kulitazama neno moja. Hajasikia hata aya moja waliyosoma wenzake.

Kuna jambo jingine linaloifanya kazi ya kusoma kitabu iwe ngumu kwake kuliko kuzungumza. Anapozungumza anaweza kulikwepa neno na kuchukua jingine. Kitabuni neno limeshaandikwa, na darasa zima linaliona.

Rasimu ya kwanza: chemchemi

Wazo la kumwandikia hadithi lilitokana na hapo. Nilitaka awe na kifungu chake mwenyewe, ambacho akikisoma darasani kiwe kinamfaa. Niliandika usiku mmoja, ukurasa na nusu. Ilihusu chiriku aliyeshindwa kuimba. Ndege wengine walimcheka, akaruka mbali, akakuta chemchemi msituni, akanywa, akarudi akiimba kuliko wote.

Niliipenda. Nilimsomea chini ya mwarobaini. Alisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza, kisha akauliza, "Mwalimu, hiyo ch-chemchemi iko wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimemwandikia kwamba chiriku anakubalika siku anapopona. Kwa maana hiyo, kabla ya kupona hakuwa na nafasi katika msitu ule. Watoto wengi wanaoanza kugugumia wakiwa na miaka miwili hadi mitano huja kuacha, lakini aliyefika miaka 9 bado anacho huenda akaishi nacho ukubwani. Karibu mtu mmoja katika kila mia ni hivyo. Hadithi inayomalizika kwa uponyaji inamwahidi mtoto wa namna hii kitu ambacho mwandishi hana uwezo wa kukileta. Niliichana.

Rasimu ya pili: hadithi isiyo na K

Safari ya pili nilijiona mjanja. Nilichukua kalamu nyekundu, nikaamua kuandika hadithi isiyo na neno hata moja linaloanza na K, P, T wala B. Aliyewahi kuandika Kiswahili atajua nilichokutana nacho. Hakuna "kwa", hakuna "kuna", hakuna "katika", hakuna "pale", hakuna "baba", hakuna "kitu" wala "kisha". Wiki nzima nilisokota sentensi, na nilichopata kilikuwa Kiswahili kilichovunjika mbavu. Lakini kilisomeka. Nikampa.

Alisoma mistari sita bila kukwama. Nilifurahi. Yeye aliinua macho akasema, "Umeyaondoa yale yananishinda."

Nikakiri. Siku iliyofuata alikwama kwenye M, herufi ambayo haikuwahi kumsumbua. Niliyemhamishia tatizo lile ni mimi. Kukwepa neno huonekana kama nafuu, lakini kila neno unalolikwepa leo linakuwa la kutisha zaidi kesho, kwa sababu umeshajithibitishia kwamba haliwezekani. Tena nilikuwa nimemwonyesha kwamba hata Mwalimu wake anaamini hivyo. Kati ya makosa yangu yote katika kisa hiki, hili ndilo ninalolijutia zaidi.

Duka

Alipoona nimekasirika (nilijikasirikia mwenyewe, yeye hakujua), alinisimulia jambo, pengine ili kunituliza. Bibi yake humtuma dukani kununua kilo moja ya sukari. Akifika kaunta, "kilo" inakataa kutoka. Watu nyuma yake wanasubiri. Anasema "sukari nusu". Anarudi na nusu kilo na chenji. Siku ya kwanza bibi alidhani amesahau, siku ya pili alimchapa. Mara nyingine, alisema, hukwama kwenye "ki", na watu wa dukani wanamdakia: kiberiti? kitunguu? Siku moja alilipa kiberiti na kurudi nacho nyumbani, maana kukataa kungehitaji maneno mengine.

Nilimwambia, "Baba, hadithi ndiyo hiyo." Akacheka kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

Tuliiandika pamoja kwa mapumziko manne. Mambo matatu aliyaamua yeye. La kwanza, mhusika awe msichana, ili darasa lisiseme ni yeye. Jina alilitaka Tatu. Nilimkumbusha kwamba T inamsumbua. Akasema anajua.

La pili lilikuwa namna ya kuandika kikwamo. Mimi nilikuwa nimeandika "ki-ki-ki-kilo". Alikataa: "Wataniita hivyo mtaani." Alikuwa na haki. Silabi zilizorudiwa kwenye karatasi zinamfanya kila msomaji amuigize mwenye kigugumizi, na darasa la watoto 68 litaziigiza kwa furaha. Tukaandika silabi moja na nukta, kisha tukaeleza kinachotokea ndani.

La tatu ni mwanzo. Nilitaka "Paukwa! Pakawa!" kama bibi zetu. Lakini P mbele ya darasa lililonyamaza ndiyo ingekuwa sauti yake ya kwanza. Tulijadiliana sana hapa, kwa sababu sikutaka kurudia kosa la rasimu ya pili. Yeye ndiye aliyetofautisha: kuifuta P kwenye hadithi nzima ni kukimbia, ila kuchagua mlango wa kuingilia si kukimbia. "Hadithi hadithi" inaanza kwa pumzi, na darasa zima linaitikia. Tukaichukua hiyo.

Hadithi yenyewe

Palipoandikwa *Wote*, darasa zima husoma pamoja.

> Hadithi! Hadithi!
> *Wote:* Hadithi njoo! Uongo njoo! Utamu kolea!
>
> Bibi alimwita Tatu.
> "Mjukuu wangu, nenda dukani. Niletee kilo moja ya sukari."
>
> Tatu akachukua pesa. Akachukua mfuko. Akashika njia, huku anaimba.
> *Wote:* Kilo moja ya sukari, bibi yangu anywe chai! Kilo moja ya sukari, bibi yangu anywe chai!
>
> Akapita mwembeni, anaimba. Akapita kisimani, anaimba. Neno halikumkwama hata mara moja.
>
> Akafika dukani. Hapo hakuimba tena.
> "Nikupe nini, mjukuu wangu?" mzee wa duka aliuliza.
>
> Tatu akafungua mdomo.
> "Ki..."
>
> Neno likasimama. Tatu alilijua. Alilihisi pale pale, nyuma ya meno. Lakini mlango ulikuwa umefungwa.
>
> Kijana mmoja akadakia:
> *Wote:* Kiberiti!
> Tatu akatikisa kichwa.
>
> Mama mmoja akadakia:
> *Wote:* Kitunguu!
> Tatu akatikisa kichwa.
>
> Mtoto mmoja akadakia:
> *Wote:* Kijiko!
>
> Mzee wa duka akaleta kiberiti. Akaleta kitunguu. Akaleta kijiko. Kaunta ikajaa vitu ambavyo Tatu hakuvitaka.
>
> Tatu akawaza: "Niseme nusu. Nusu ni rahisi. Nikisema nusu, naondoka sasa hivi."
> Akalikumbuka birika la bibi. Lilikuwa birika kubwa.
>
> Akanyoosha mkono. Akakisogeza kiberiti. Akakisogeza kitunguu. Akakisogeza kijiko.
> "Ningojeni," akasema.
>
> Wakangoja. Mzee akaweka jiwe la mizani chini. Mama akambeba mtoto wake vizuri. Nje kuku alipita na vifaranga vyake, na wote wakapita mpaka wa mwisho.
>
> "Ki... kilo. Kilo moja ya sukari."
>
> Mzee akapima. Upande huu jiwe, upande huu sukari, mpaka mizani ikatulia.
>
> "Mbona umechelewa?" bibi aliuliza.
> "Neno lilichelewa, bibi."
> Bibi akaupokea mfuko. Akaupima kwa mkono. Kilo moja.
>
> Jumamosi bibi atamtuma tena. Huenda neno litachelewa, huenda halitachelewa. Birika ni lile lile.

Wiki tatu za maandalizi

Katikati ya kazi hii mama alimpeleka Shabani kwa mtaalamu wa tiba ya usemi katika hospitali ya mkoa mwingine. Walionana mara moja tu, maana nauli na siku za kazi havikuruhusu zaidi. Mtaalamu aliwapa mazoezi mawili: kuanza neno kwa sauti laini bila kukaza taya, na pale anapokwama asisukume kwa nguvu bali alegeze, kisha aendelee kutoka pale pale bila kurudi mwanzo wa sentensi. Kwangu mimi alituma ujumbe mfupi: msimmalizie maneno, msimwambie atulie, mtazame usoni kama unavyomtazama mtoto mwingine yeyote.

Tulitumia jambo moja linalojulikana kuhusu kigugumizi: mtu akirudia kusoma kifungu kilekile, vikwamo hupungua kila mara anaporudia, hasa katika mara tano za mwanzo. Shabani alisoma kwanza peke yake. Kisha alisoma na rafiki yake kwa sauti moja, kisha rafiki akanyamaza katikati naye akaendelea. Kisha mbele ya watoto wawili wa dawati lake. Mara ya kwanza nilihesabu vikwamo 14 katika hadithi nzima. Mara ya tano vilikuwa 6. Sikumwambia nahesabu.

Wakati huohuo nilibadili usomaji wa darasa zima. Niliacha zamu za madawati. Watoto wote wakawa wanasoma wawili wawili kwa sauti moja, na baada ya hapo jozi itakayotaka inasimama kusoma. Nilifanya hivyo kwa wote ili asionekane ametengewa njia yake, na nikagundua kwamba watoto kumi hivi ambao si wagugumizi nao walikuwa wakihesabu aya.

Palibaki suala la kuwaambia wenzake. Nilimpa njia tatu: niseme mimi, aseme yeye, au tusiseme. Alichukua ya nne. Aliandika sentensi mbili kwenye karatasi, na rafiki yake akazisoma akiwa amesimama karibu naye: "Mimi nina kigugumizi. Nikikwama ningojeni, msinitajie neno."

Siku ya kusoma

Aliichagua mwenyewe, Alhamisi, kipindi cha kwanza. Tulikubaliana awe wa kwanza kabisa, mara tu baada ya salamu, ili asiwe na muda wa kukaa akisubiri.

"Hadithi! Hadithi!" ilitoka. Darasa likaitikia hadi wa darasa la pili la jirani wakachungulia. Akakwama kwenye "Bibi". Kilikuwa kikwamo kirefu, labda sekunde nane, mguu ukapiga sakafu. Mtoto mmoja wa nyuma akasema, "Bibi!" Wenzake wakamgeukia: "Mngoje!" Shabani akalegeza taya, neno likatoka, akaendelea.

Alipofika kwenye "Ki..." yenyewe, mahali nilipokuwa nimepatengeneza kwa makusudi ili akikwama ionekane ni sehemu ya hadithi, hakukwama. Aliisoma laini. Wenzake hawakujua kama waanze kudakia, kukawa na ukimya. Akawaangalia, akaisoma tena, safari hii akiivuta makusudi: "Kiii..." Wakapasuka: "Kiberiti!" Kufika "Kijiko!" darasa lilikuwa linacheka kicheko ambacho yeye ndiye alikuwa anakiendesha.

Alikwama mara mbili tena, mara moja kwenye "Tatu". Alimaliza hadithi nzima. Nilipiga makofi, na darasa likapiga makofi kwa muda mrefu.

Baada ya hapo

Wakati wa mapumziko nilimpongeza tena. Akaniambia, taratibu, "Wengine wakisoma hawapigiwi makofi."

Wiki iliyofuata mwalimu wa somo jingine, ambaye sikuwa nimemweleza lolote, alimsimamisha asome kitabu kipya kwa zamu. Shabani aliomba ruhusa ya kwenda chooni. Kwenye kipindi changu, tulipoanza kifungu kipya, vikwamo vilirudi karibu kama mwanzo. Tofauti ni kwamba hakukaa chini. Alikwama, akangoja, akaendelea, akasoma aya nne.

Kwa bibi, mama yake alisoma hadithi kwa sauti jioni moja. Bibi alinyamaza, kisha akamwita Shabani, akamuuliza kuhusu ile siku aliyomchapa. Sijui walizungumza nini, mama naye hakuniambia.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi katika hadithi hii, kwa maoni yangu, ni kazi waliyopewa wasikilizaji. Hadithi nyingi za namna hii humtaka mtoto mwenye kigugumizi awe jasiri, na wasikilizaji hubaki watazamaji wa ujasiri huo. Hapa waliodakia maneno walikuwa darasa lenyewe, kwa vinywa vyao, na walijisikia wakikosea mara tatu mfululizo. Waliosema "Mngoje!" hawakufundishwa na mimi. Walikuwa wamesoma hadithi ile wawili wawili siku mbili kabla, wakajua kwamba kumdakia mtu neno ni kumletea kiberiti asichokitaka.

Wimbo wa njiani nao ulifaa, lakini una mpaka wake. Kusoma na kuimba pamoja kulimpa Shabani mahali pa kupumzika katikati ya maandishi, na kuliwaonyesha wenzake kwamba sauti anayo. Hakukumfundisha kusoma peke yake. Sauti ya wengi ikiondoka, kigugumizi kinarudi, na mwalimu atakayefanya darasa lisome kwa pamoja siku zote atakuwa amelificha tatizo tu. Ndiyo maana tulimwondoa rafiki katikati ya aya, taratibu, badala ya kumwacha amshike mkono mpaka mwisho.

Mpango wangu wa kuandaa mahali pa kukwama ulishindwa kama nilivyoupanga, na kushindwa kwake kulinifundisha. Kigugumizi hakitabiriki, na mtu anaporuhusiwa kukwama, mara nyingine hakwami. Kilichobaki cha maana pale ni kwamba alipata nafasi ya kuivuta sauti kwa hiari yake. Wataalamu wa usemi hutumia jambo hilo kwa makusudi: mtu hugugumia kwa kutaka, ili kitu anachokihofia kiwe mkononi mwake. Mimi sikulijua wakati ule. Mtoto alilivumbua mbele ya darasa.

Makofi yalikuwa kosa langu. Nilipongeza jambo ambalo yeye alitaka liwe la kawaida, na kwa makofi yale nikawaambia wote kwamba si la kawaida. Sasa akimaliza kusoma nauliza swali la ufahamu kama ninavyomuuliza mwingine, tunaendelea.

Kosa jingine ni kuwaacha walimu wenzangu nje. Nilitengeneza kipindi kimoja salama ndani ya siku ya vipindi vingi. Ingechukua dakika tano ofisini kuwaeleza, kwa ruhusa yake, mambo mawili: asisomeshwe kwa zamu bila kujua, na aulizwe faraghani anataka kusoma lini. Nimeshawaeleza. Wawili wamekubali, mmoja bado anasema mtoto anadekezwa, na naye naendelea kuzungumza naye.

Na kupungua kwa vikwamo kwa kurudia kifungu kusichukuliwe kuwa tiba. Kulikuwa ni kwa kifungu kile tu. Faida yake ni kwamba siku moja katika maisha yake alisimama mbele ya darasa akiwa anajua maneno yote yatakayokuja na akiwa ameyachagua mwenyewe. Kigugumizi chake kinahitaji mtaalamu, na safari moja ya hospitali haitoshi. Mama anaweka akiba ya nauli kwa ajili ya likizo.

Wiki iliyopita Shabani alikuja na ombi. Anataka Tatu aende mahali ambapo anaulizwa jina lake. Tutaanza Jumatatu chini ya mwarobaini, na sentensi ya kwanza ameshaiandika yeye: "Karani alishika kalamu, akangoja."